Tupeane uzoefu: pesa ya paa na muumini mwenye shida, kamati yenu ilifanyaje?

Mweka Hazina: Assalaam alaykum, na Bwana asifiwe kwa wenzetu. Mwaka juzi msikiti wetu ulikuwa na milioni 4 na laki 2, watu wamezitoa kwa nia ya paa. Mke wa muumini mwenzetu akafanyiwa upasuaji, hospitali ikadai laki 9. Mumewe akatujia baada ya Isha, analia. Mwenyekiti akasema tumkopeshe, Ramadhani zitarudi. Hundi inataka saini tatu, ya tatu yangu. Nikakataa, pale pale barazani. Ijumaa nikasimama mlangoni na ndoo, ikapatikana laki 6. Jumamosi nikaongozana naye kwa ofisa ustawi wa jamii wa hospitali, salio akapangiwa kulipa kidogo kidogo. Mama katoka, lakini yule bwana hakunipa salamu miezi minne.

Kijana wa Safu ya Nyuma: Zaka ilikuwa wapi? Mngeiweka kwenye paa, ile ya paa mkampa mgonjwa.

Bi Maalim: Nusu umepatia. Zaka ina makundi 8, soma At-Tawba aya ya 60, na aliyeelemewa na deni yumo. Angepewa yeye moja kwa moja. Kuezekea paa ndiko wanazuoni wengi wanakokataa, ingawa wapo wa siku hizi wanaolipanua fungu la njia ya Mwenyezi Mungu. Sisi tuna daftari mbili, na kila bahasha huandikwa nia yake siku ile ile inapopokelewa. Mweka Hazina, saini ulikuwa na haki kuinyima. Kosa ni barazani. Mtu mzima analia mbele ya wenzake, nawe unamjibu hapana! Kwetu wanakwenda wawili nyumbani kwake, wakiwa na jibu na cha kushika mkononi.

Mzee wa Kanisa: Usharika wetu una mfuko wa diakonia, ila kufika Julai huwa mtupu. Tuliwahi kukopa laki 3 kwenye ujenzi, muhtasari ukaandikwa, tarehe ya kurejesha ikatajwa. Zikarudi. Mara ya pili mwombaji alikuwa shemeji wa mjumbe, tukaona aibu kuandika. Hazijarudi, na fundi aliacha kazi kwenye linta.

Mama Kwaya: Mwenyekiti wetu anafagia mwenyewe, anafungua milango alfajiri, ila mwaka wa 11 huu haitishi uchaguzi. Ukiuliza: "Mimi nawatumikia tu."

Mweka Hazina: Mama, hiyo ina mada yake, ifungulie, nitakuja. Bi Maalim, la barazani nimelipokea. Kinachonisumbua ni kingine: paa lilianza kuezekwa miezi mitano baadaye. Muda wote huo pesa ilikaa tu benki, na mwenyekiti hunikumbusha hilo kila tukikutana. Ila Mzee naye ana linta yake.

Kijana wa Safu ya Nyuma: Yule bwana salio alimaliza?

Mweka Hazina: Bado elfu 80. Sijui nani amwulize.