Naomba ushauri: kamba ikifupishwa, hii nishati ya ziada niielezeje?

Habari zenu wakuu. Nafundisha fizikia kidato cha sita, naombeni msaada kwenye swali hili.

Mawe mawili ya kilo 2 kila moja yamefungwa kwa kamba ya mita 2, yanazungukana angani mbali na mvutano wa sayari yoyote. Kila jiwe lina kasi ya mita 3 kwa sekunde, na kamba inavutwa kwa niutoni 18. Mashine ndogo iliyo katikati inakunja kamba polepole hadi ibaki mita 1. Momenta ya mzunguko haibadiliki, kwa hiyo kasi inakuwa mita 6 kwa sekunde. Mvutano ni mv²/r, unafika niutoni 144, yaani mara nane.

Hapo wanafunzi wananielewa. Shida ni nishati, inayopanda kutoka jouli 18 hadi 72. Wanasema kamba huvuta kuelekea katikati, jiwe linakwenda pembeni, basi kazi haifanyiki. Nimewajibu kwamba wakati wa kukunja njia si duara tena, jiwe linasogea ndani pia, na mashine ndiyo inayotoa jouli 54. Kwa kalkulasi zinatimia, ila wengine hawajaielewa. Mnaionyeshaje bila kalkulasi?