Naomba ushauri: mauzo ya mkopo kutokana na daftari la fedha pekee

Ndugu wanakikundi, habari za kazi. Naandaa hesabu za mwaka za muuza saruji wa Mbale aliyeweka daftari la fedha tu. Wadaiwa walikuwa shilingi 2,100,000 mwanzoni na 3,500,000 mwishoni, nao walilipa 18,400,000, hivyo kwa akaunti ya jumla ya wadaiwa nimepata mauzo ya mkopo 19,800,000. Manunuzi nimeyapata vivyo hivyo kupitia wadai. Lakini nyuma ya daftari jina moja limekatwa kwa kalamu nyekundu: deni la 600,000 la mteja aliyehama, ambalo halimo katika hizo 3,500,000. Je, niliongeze kwenye mauzo, yawe 20,400,000, kisha nilitoe kwenye faida kama hasara? Na mifuko 40 ambayo muuza saruji mwenyewe alijengea nyumba yake, niipunguze kwenye manunuzi kwa bei ya kununulia?