Bomba la hewa linavujisha bati. Nikiweka valvu ya hewa ndani, inatosha?

Mwana_Ipuli: Wakuu, habari. Nipo Tabora, nyumba ya chini, choo cha ndani kimoja na sinki la jikoni. Bomba la hewa la inchi 4 limetoboa bati, kila mvua inavuja pembeni yake. Fundi anasema niweke valvu ya hewa chooni, bomba lisitoke nje tena. Naombeni ushauri, mama mkwe anakuja Jumamosi.

Kijana wa Gongoni: Weka tu mkuu. Maji yakishuka yanavuta hewa, valvu inafunguka. Yakitulia inajifunga, harufu haitoki. Sinki langu lilikuwa likikoroma, nikaweka, kimya mpaka leo.

Mama Urambo: Sisi bomba la choo cha shimo tumelifunga wavu juu, nzi wasitoke. Usiuondoe wavu mwanangu.

Fundi_Isevya: Mama, yeye ana choo cha maji. Kijana yuko sahihi kwa sinki. Mleta mada, karo lako la maji taka lina bomba lake la hewa?

Mwana_Ipuli: Halina, limefunikwa zege. Na kusema kweli, lile bomba nilishalikata juzi nikaliziba darini. Ila fundi wangu ni mzoefu, na bati limeshazibwa, sitoboi tena.

Mzee wa Kanyenye: Vijana mnakata kwanza, mnauliza baadaye.

Mgeni_Njiani: Hii chai. Kesho ataleta tangazo la kuuza valvu.

Mwana_Ipuli: Si chai ndugu yangu. Toka juzi choo kinatoa mapovu mchana hata kama hakuna aliyeflashi, na harufu inafika sebuleni.

Fundi_Isevya: Hayo mapovu ndiyo jibu. Valvu inaingiza hewa tu, haitoi. Gesi ya karo ilikuwa inatokea kwenye bomba ulilokata. Sasa inasukuma kutoka chini. Valvu ikisukumwa inazidi kufunga, kwa hiyo gesi inapita kwenye maji ya choo. Kama shida ingekuwa maji ya choo kuvutwa, ungeona tofauti: chora alama ya kalamu usawa wa maji chooni, mwaga ndoo nzima kwenye sinki. Maji yakishuka chini ya alama, hapo valvu inasaidia.

Bati usiliguse. Chukua bomba kwenye chemba ya kwanza nje, lipandishe ukutani, lipite ukingo wa paa mbali na madirisha, juu liwe wazi. Ukishalipata hilo, valvu weka chini ya sinki: isimame wima, sentimita 10 au zaidi juu ya bomba la kulala, mkono uifikie.

Kijana wa Gongoni: Kwa nini mkono uifikie?

Fundi_Isevya: Mpira wa ndani ukishika vumbi au ukichoka haufungi tena. Utasikia harufu kabatini, utaibadilisha.

Mwana_Ipuli: Chemba iko upande wa jirani, ukuta ni wa pamoja. Bomba likipita kwake si ugomvi?

Mzee wa Kanyenye: Kaongee naye leo jioni, kabla hujanunua bomba.