Supu ya maganda ya mboga imekuwa chungu, nimekosea wapi?

Kijiko_Mbao
Wadau, habari zenu. Kwa wiki nzima nimekuwa nikiweka maganda na vikonyo vya mboga kwenye mfuko ndani ya friza, nipate maji ya supu ya kupikia wali na dengu. Jana nikavitia vyote sufuriani: maganda ya karoti, maganda makavu ya vitunguu kama 8, moyo wa kabichi, mashina ya brokoli na vikonyo vya kotimiri. Nikaweka maji lita 3, nikaacha yachemke saa 3 nikidhani ladha itakolea. Yametoka kahawia iliyoiva, yananuka kama kabichi lililolala, na uchungu unabaki nyuma ya ulimi. Nani ameleta uchungu humu? Na je, yanaokoleka?

Shamba_Dogo
Pole. Mimi maganda yangu yote nafukia, baada ya miezi michache nina mboji nzuri sana. Ila ya vitunguu yanachelewa kuoza, yakatekate kwanza.

Kijiko_Mbao
Asante ndugu, lakini mimi nataka kuyala kwanza.

JikoTaratibu
Tatizo ni maganda ya vitunguu. Hayo hayaliwi, ni ya kutupa. Siku nilipoacha kuyaweka, uchungu ukaisha.

Mpishi_wa_Zamu
JikoTaratibu, uko karibu na ukweli lakini tusiyatupe yote. Ganda kavu la kitunguu ndilo linaloipa supu rangi ya dhahabu. Maganda ya kitunguu kimoja au viwili kwa lita 2 hayana neno. Ya vitunguu 8, tena kwa saa 3, ni kama majani ya chai yaliyosahaulika birikani. Na hakikisha hayana ule unga mweusi wa ukungu.

Kijiko_Mbao, hapo una makosa mawili yaliyokutana. La kwanza ni kabichi na brokoli. Jamii hiyo yote, pamoja na koliflawa, ina salfa, na kadiri unavyoichemsha ndivyo harufu inavyozidi na ladha inavyokuwa kali. Kwenye kachumbari au mboga ya kukaanga ni tamu, ila kwenye supu ya kuchuja mimi siweki hata kipande. La pili ni muda. Mifupa ndiyo inayohitaji saa nyingi. Ganda la karoti ni jembamba, limeshatoa utamu wake ndani ya dakika 40 hivi. Baada ya hapo unakamua usichokihitaji.

Kuokoa ni kugumu. Usiyachemshe yapungue, maana maji yataondoka na uchungu utabaki palepale, umejikusanya. Sukari itauficha kidogo tu. Kama uchungu ni mdogo, tumia kikombe kimoja kwenye sufuria kubwa ya dengu yenye nyanya. Kama ni mwingi, mwaga.

Kijiko_Mbao
Nitajuaje kwa hakika ni lipi? Sitaki kubahatisha tena.

Mpishi_wa_Zamu
Chukua visufuria vitatu, kila kimoja vikombe 2 vya maji na konzi moja ya aina moja tu ya mabaki. Moto mdogo, viputo vichache vikipanda, dakika 30. Chuja, acha vipoe kidogo, onja bila chumvi. Chumvi itakudanganya, inafunika uchungu.

Bi_Chujio
Naongezea vikonyo vya uyoga, vinaipa supu uzito kama wa nyama. Na magunzi ya mahindi mabichi, utamu wake ni wa ajabu. Maganda ya viazi yanafanya supu isiwe angavu, na yenye rangi ya kijani usiweke kabisa, yale yana sumu. Mioyo ya pilipili hoho mimi naweka bila shida.

JikoTaratibu
Hoho kwangu inaleta uchungu, hasa ile ya kijani.

Mpishi_wa_Zamu
Hata mimi siiweki, ila sijawahi kuipika peke yake, kwa hiyo sibishani na Bi_Chujio.

Kijiko_Mbao
Nimerudi. Kisufuria cha karoti na kotimiri: kitamu, rangi ya majani makavu. Cha maganda ya vitunguu (niliweka ya vitunguu 4): rangi nzuri kuliko vyote, lakini kinakausha ulimi. Cha kabichi: nilifungua dirisha.

Jioni nikapika upya: karoti, vikonyo vya kotimiri, maganda ya kitunguu kimoja na vikonyo vya uyoga, maji yakifunika mabaki na kupita juu yake vidole viwili, dakika 40, nikachuja papo hapo. Nimeyapikia wali na hakuna aliyeuliza nimeweka nini. Bado nina mfuko wa majani ya karoti kwenye friza. Bi_Chujio, hayo unayaweka?

Bi_Chujio
Machache sana, tawi moja au mawili. Yakizidi yanaharibu ladha.