Mrejesho: soketi ya kuchajia simu kwenye pikipiki

Niliuliza: "Nimefunga soketi ya USB kwenye usukani, waya nimeunga kwa taa ya mbele. Ikinyesha inakata, na waya unapata moto. Fyuzi ya ampea 10 inatosha?"

Wakuu, nimerudi. Kosa la kwanza lilikuwa kwenye ukubwa wa fyuzi. Soketi yangu ina matundu mawili, kila moja volti 5 kwa ampea 2.4, jumla wati 24. Ukiongeza umeme unaopotea njiani, kwenye betri ya volti 12 inavuta kama ampea 2.2. Kumbe ile ya 10 ingeacha waya wangu mwembamba uungue kabla haijakatika! Nimeweka ya ampea 3, kwenye waya chanya, karibu kabisa na betri. Ukiiweka kule usukanini, kipande chote cha kabla yake hakina ulinzi.

Kwenye waya wa taa siungi tena. Waya mpya unatoka betri, unapita kwenye rilei inayowashwa na swichi ya ufunguo, kwa hiyo betri hainyonywi usiku.

Maungio nimeyavalisha mirija yenye gundi inayosinyaa kwa joto. Utepe ule wa kawaida ndio ulioingiza maji. Chini ya soketi waya unashuka kwanza ndipo upande, maji yadondokee hapo.

Kishikilia simu nacho kilinifunza: nilipokata usukani hadi mwisho, waya ulikazika. Nikaulegeza. Nimeongeza raba ya kupunguza mtetemo pia, maana mtetemo huharibu kamera.

Nimepita mvua mbili, haijakata.