Kadi imemezwa na ATM Moshi, naambiwa "rudi Jumatatu". Hii ni huduma gani?

Wakuu, nina hasira. Ijumaa jioni nimeingia kwenye ATM moja karibu na stendi hapa Moshi. Nimeshaweka namba ya siri, nachagua kiasi, umeme ukakatika. Mashine ilipowaka ikaandika karibu, weka kadi. Kadi yangu iko humo! Mlinzi hata kwenye kiti hakunyanyuka: "Iko salama, rudi Jumatatu." Namba ya huduma kwa wateja iliyobandikwa pale imechubuka, tarakimu za mwisho hazisomeki. Na mshahara umeingia leo leo. Hawa watu wana akili kweli?

Kibosho_Juu: Pole mkuu, ila unajipa presha bure. Kadi bila namba ya siri ni plastiki tu. Kalale.

Mama Mbuyuni: Mimi ilinikata laki mbili na hela haikutoka. Watarudisha kweli?

TellaMstaafu: Kibosho, usimpoteze mwenzio. Namba za kwenye kadi na zile tatu za nyuma zinatosha kununulia vitu kwenye baadhi ya tovuti, siri haiulizwi.

Mleta mada, menyu ilishafunguka kabla umeme haujakatika, kwa hiyo inaelekea mashine yenyewe ndiyo imeimeza. Cha kuogopa zaidi ni kadi kunasa mdomoni, halafu anatokea msamaria nyuma yako: "Bonyeza namba ya siri tena, itatoka." Hapo wameweka ukanda mwembamba wa kunasia kadi. Ukiondoka, wanaivuta, na siri wameshaiona. Ikikutokea hiyo, usibonyeze kitu, piga simu benki ukiwa umesimama hapo hapo.

Lakini hata yako ifunge leo. Na useme "funga kadi", usiseme "funga akaunti". Kadi ikifungwa, kwa wakala na kwenye simu bado unatoa hela. Akaunti ikizuiwa, utakula nini wikendi? Omba namba ya kumbukumbu, andika na saa.

Mama, nenda tawi la benki yako ujaze fomu ya malalamiko ya muamala. Wanalinganisha hesabu ya mashine na fedha zilizobaki humo.

Mleta mada: Apu yao inataka namba ya kadi ndipo inisajili. Kadi yenyewe iko tumboni mwa mashine! Na mashine si ya benki yangu.

TellaMstaafu: Basi piga simu, namba ichukue kwenye tovuti ya benki yako, siyo kwa mtu wa mtandaoni. Na Jumatatu usiende kwenye ile mashine. Kadi ya benki nyingine mara nyingi hawakupi mkononi, wanaikata au wanairudisha kwa wenyewe. Nenda tawi lako na kitambulisho cha NIDA.

Kibosho_Juu: Mimi yangu walinipa palepale lakini.

TellaMstaafu: Ilikuwa mashine ya benki yako, sivyo?

Mleta mada: Nimewapata, kadi imefungwa, kwa wakala nimejaribu hela inatoka. Sasa dada wa kwenye simu anasema kadi mpya nailipia mimi. Umeme ukatike kwao, nilipe mimi? Nani aliwahi kugoma akashinda?