Mashine ndogo ya alizeti au kubwa? NPV inasema hivi, IRR inasema vile

Mama_Mashudu
Habari za jioni wakuu. Nipo Singida, nina kibanda cha kukamua alizeti na vijana wawili, mashine tuliyonayo imechoka sasa nataka nibadilishe. Kuna mbili nazipigia hesabu.

Ya kwanza ni ndogo, imetumika, milioni 12. Nikitoa umeme, vijana na matengenezo itaniachia kama milioni 6 kwa mwaka. Ya pili ni kubwa mpya na chujio lake, milioni 30, hii itaniachia milioni 13.5 kwa mwaka maana inakamua haraka na mashudu yanatoka makavu. Zote nimezipigia miaka 4. Nina milioni 12 yangu mkononi, nikichukua kubwa nakopa 18 zinazobaki, na afisa mikopo kaniambia riba ni asilimia 18.

Mtoto wa dada yangu kaniwekea kwenye Excel. Ndogo IRR, yaani asilimia ambayo hela niliyoweka inazaa kwa mwaka, ni 35%, kubwa 28.5%. Halafu NPV, yaani hela za miaka yote zikirudishwa kwa thamani ya leo ukatoa bei ya mashine, ndogo ni milioni 3.5, kubwa milioni 5.4. Sasa moja inasema nichukue ndogo nyingine inasema kubwa, nishike lipi?

Kijana_wa_Hesabu
Mama hapo jibu liko wazi, IRR kubwa ndo mshindi. Kila shilingi yako kwenye ndogo inazaa 35 kwa mia, kwenye kubwa inazaa 28 tu, kwanini uweke hela sehemu inayozaa kidogo?

Mzee wa Kuku
Mimi wakati nafungua banda la kuku wa nyama sikuangalia hayo mambo yote, niliuliza mtaji unarudi baada ya muda gani basi. Yako ndogo inarudi miaka 2, kubwa miaka 2 na kitu kidogo, hazijaachana sana. Kilichonitesa mimi ni chakula cha kuku kupanda bei mwaka wa pili, sasa wewe mbegu unanunua mwenyewe au wakulima wanakuja nazo wanalipia kukamua?

Mama_Mashudu
Wanakuja nazo mzee wangu, nachukua hela ya kukamua na mashudu nabaki nayo naweza kuuza.

Karani_Mstaafu
Nimekaa na vitabu vya mahesabu miaka mingi naomba niingie taratibu.

Kwanza hizo NPV zako zimekaa vibaya kidogo. Kijana bila shaka kaandika `=NPV(0.18,B2:B6)` na kwenye B2 kaweka ile milioni 12 ya kununulia. Excel ikiona hivyo inadhani hela ya kununua mashine unaitoa mwisho wa mwaka wa kwanza, wakati wewe unaitoa leo. Aandike hivi:

```
=NPV(0.18,B3:B6)+B2
```

B2 iwe na alama ya kutoa mbele, yaani `-12000000`. Utapata ndogo milioni 4.14 na kubwa milioni 6.32. Mshindi habadiliki, ila namba ndo inakuwa ya kweli.

Pili, Kijana_wa_Hesabu ulichosema kina ukweli lakini umesahau kitu kimoja. 35% ni ya milioni 12, 28.5% ni ya milioni 30. Mama hapeleki asilimia sokoni, anapeleka shilingi. Swali lake haswa ni hili: zile milioni 18 za ziada zinamletea nini? Zinamletea 7.5 za ziada kila mwaka kwa miaka 4, ukiipigia IRR hiyo nyongeza peke yake unapata kama 24%. Akikopa kwa 18, nyongeza inalipa mkopo na inabakiza. Kwa hiyo kwa hizo namba achukue kubwa.

Kijana_wa_Hesabu
Sawa mkuu nimekuelewa, yani 24 ndo mpaka. Riba ikiwa chini ya hapo kubwa, ikipita hapo ndogo.

Karani_Mstaafu
Ndiyo hivyo.

Binti_Mkoani
Samahanini jamani kabla hamjamaliza. Dada, hiyo asilimia 18 ni ya flati au ya salio linalopungua? Nauliza kwa sababu mimi mwenyewe nimeshaumia hapo, nilisaini nikiwa najua nalipa riba kwenye deni linalobaki kumbe kila mwezi riba ilikuwa inapigwa kwenye hela yote niliyochukua mwanzo, hata nilipokuwa nimebakiza robo.

Mama_Mashudu
Mdogo wangu sijui hata, ngoja niangalie karatasi aliyonipa... Imeandikwa marejesho kwa mwaka 7,740,000 kwa miaka minne.

Karani_Mstaafu
Hiyo ni flati. Asante sana Binti, mimi nilipaswa kuuliza kabla ya kutoa jibu.

Angalia mama: milioni 18 gawa kwa 4 ni 4.5, asilimia 18 ya milioni 18 ni 3.24, jumla 7.74. Kila mwaka wanakutoza riba ya milioni 18 yote wakati mwaka wa nne deni lililobaki ni 4.5 tu. Ukitafuta riba halisi ya mkopo huo kwa IRR ileile unapata kama 26%, na hapo nimechukulia unalipa mara moja kwa mwaka, ukilipa kila mwezi gharama yake inapanda zaidi.

Sasa linganisha. Milioni 18 za ziada zinakuletea 7.5, benki wanataka 7.74. Kila mwaka utatoa 240,000 kutoka kwenye ile faida ambayo mashine ndogo ingekupa bila deni lolote. Nabadilisha jibu langu, kwa mkopo huu ndogo ndo bora.

Mzee wa Kuku
Na alizeti ni ya msimu. Akilipa kila mwezi, ile miezi ambayo mbegu hazipo atalipa na nini?

Mama_Mashudu
Mzee hapo umenigusa, kuanzia Desemba mashine inalala wiki nzima siwashi.

Kijana_wa_Hesabu
Ila mama kwanini miaka 4? Mashine mpya inakufa baada ya miaka 4?

Mama_Mashudu
Hapana, nimeweka 4 kwa sababu mkopo ni wa miaka 4.

Karani_Mstaafu
Kijana umeshika penyewe. Muda wa mkopo na umri wa mashine ni vitu viwili. Kama kubwa itafanya kazi mwaka wa tano na bado inakupa 7.5 zaidi ya ndogo, basi hata ukikata kwa 26% huo mwaka mmoja una thamani ya milioni 2.36 leo, wakati hasara ya miaka minne ukiirudisha leo ni kama laki 6. Kubwa inarudi juu. Sitaki kukuyumbisha lakini ndivyo ilivyo, yote imebaki kwenye mwaka wa tano.

Fundi_Skrubu
Nazitengeneza hizi. Kubwa miaka 5 inafika kabisa, ila ile skrubu ya ndani inalika. Ukiona mafuta yanapungua kwa gunia lilelile na mashudu yanatoka laini yameloa ukiyabana mkononi, jua imelika. Kuijazia kwa kuchomelea ni gharama kila baada ya misimu kadhaa, na matengenezo uliyoweka sina hakika kama umeihesabu hiyo. Na hiyo ndogo iliyotumika je, umefungua ukaiona ndani?

Mama_Mashudu
Sijafungua kaka. Nilisikia tu sauti ikiwa inazunguka bila mbegu.

Fundi_Skrubu
Ikiwa haina mbegu haikuambii kitu. Nenda na gunia lako moja, pima mafuta yanayotoka, halafu ifunguliwe.

Binti_Mkoani
Na wakati huohuo dada uliza taasisi nyingine mbili tatu kama wana mkopo wa salio linalopungua wenye marejesho ya msimu. Usiulize asilimia, uliza jumla utakayorudisha na tarehe zake.

Mama_Mashudu
Jumamosi naenda na gunia. Nikirudi naweka hapa lita zilizotoka na alichosema fundi wa kule kuhusu skrubu, mnisaidie kupiga upya na mwaka wa tano ndani.